Uga wa umeme mbele ya ncha ya ufito: kukata pingili na kujumlisha

Jibu lilikuwa 2000, limepigiwa mistari miwili kwa wino mwekundu, kama vile mwenye daftari alishajisahihishia mwenyewe. Ilikuwa alaasiri moja pale Wete, kwenye baraza ninapowafundisha tuisheni vijana wa Kidato cha Sita wakishatoka msikitini. Swali lenyewe ni fupi. Ufito wa plastiki wenye urefu wa sentimita 40 umebeba chaji chanya ya nanokulombi 20, iliyotandaa sawasawa toka ncha hadi ncha. Tafuta uga wa umeme kwenye nukta iliyo katika mstari uleule wa ufito, sentimita 10 mbele ya ncha yake.

"Maalim, mimi nimechukua katikati," akaniambia. "Ufito una sentimita 40, nusu yake 20, ukiongeza zile 10 unapata 30. Nikatia kwenye fomula ya Coulomb."

Hesabu yake haina doa. Namba k ya Coulomb ni takriban 9×10⁹, ukiizidisha kwa chaji ya 20×10⁻⁹ unapata 180. Ukigawa 180 kwa mraba wa mita 0.3, yaani 0.09, inatoka 2000 kamili, kizio chake niutoni kwa kulombi. Tatizo ni kwamba jibu la kweli ni 3600. Kijana hakukosea kuzidisha wala kugawa, amekosea pale alipoamua chaji yote ikae katikati, na tofauti hiyo si ya kufumbia macho.

Nilimuuliza hilo la katikati kalitoa wapi. Akanijibu kwa swali: "Si ndivyo tunavyofanya kwenye uzito?" Ana haki. Fimbo inayobebewa mzega, ukitaka ikae sawa begani bila mizigo, unaishika katikati, na katika maswali ya mizani uzito wote wa fimbo tunauchora kwenye nukta hiyo moja. Kule inakubali kwa sababu athari ya kila kipande cha fimbo kwenye mizani inakwenda sambamba na umbali wake: kipande kilicho mara mbili mbali kina athari mara mbili. Kinachopungua upande mmoja kinafidiwa na kinachozidi upande wa pili, na katikati ndipo vinapolingana.

Umeme hauna fidia hiyo. Coulomb alionesha mwaka 1785 kwamba nguvu kati ya chaji mbili hupungua kwa mraba wa umbali: ukienda mara mbili mbali inabaki robo, mara tano mbali inabaki sehemu moja kati ya 25. Uga wa umeme, ambao ni nguvu inayoikuta kila kulombi moja ukiiweka mahali hapo, unafuata kanuni hiyohiyo. Sasa chukua nanokulombi moja iliyo kwenye ncha ya karibu, sentimita 10 kutoka kwenye nukta yetu. Peke yake inatoa uga wa 900. Nanokulombi nyingine iliyo ncha ya mbali, sentimita 50, inatoa 36 tu. Wastani wa mbili hizo ni 468. Lakini ukizihamisha zote mbili hadi katikati, kwenye sentimita 30, kila moja inatoa 100. Ya mbali umeiongezea 64 kwa kuisogeza karibu, ya karibu umeipunguzia 800 kwa kuirudisha nyuma. Biashara gani hiyo?

Basi ikiwa hatuwezi kuisukuma chaji yote mahali pamoja, tufanyeje? Tuukate ufito kama muuza miwa anavyokata muwa, pingili kwa pingili, kila pingili tuitafutie uga wake, kisha tujumlishe. Kujumlisha kwenyewe hapa ni kwepesi kuliko kwingineko, kwa sababu nukta yetu iko kwenye mstari wa ufito. Kila pingili inasukuma kuelekea upande mmoja, moja kwa moja mbali na ufito. Hakuna pembe na hakuna kugawa vekta vipande viwili. Nukta ingekuwa pembeni, juu ya ubavu wa ufito, hapo kila pingili ingesukuma kwa upande wake na ungelazimika kuleta sini na kosini. Kwenye mhimili tunajumlisha namba tupu.

Anza na pingili mbili. Kila moja ina sentimita 20 na nanokulombi 10. Katikati ya ile ya karibu iko sentimita 20 kutoka kwenye nukta, na ya mbali sentimita 40. Uga wao ni 2250 na 562.5, jumla 2812.5. Tayari tumetoka kwenye 2000 tukasogea mbele. Kata ziwe nne, kila moja sentimita 10 na nanokulombi 5, katikati zake zikiwa sentimita 15, 25, 35 na 45. Zinatoka 2000, 720, 367 na 222, jumla kama 3310. Kata nane, jumla inafika karibu 3514. Unaona inavyopanda: 2000, 2812, 3310, 3514. Kila ukikata pingili nyembamba zaidi jumla inapanda, ila mwendo wake unapungua, kama mtu anayekaribia ukuta. Ukuta wenyewe ni 3600.

Kosa linapungua kwa sababu moja tu. Ndani ya pingili fupi, ncha zake mbili ziko umbali unaokaribiana, kwa hiyo kusema "yote iko katikati" ni uongo mdogo. Ndani ya ufito mzima, ambao ncha moja iko mara tano mbali kuliko nyingine, huo ni uongo mkubwa. Uongo ni uleule, tumeupunguzia nafasi tu.

Wanafunzi wengi hapa hurukia alama ya intigresheni, wakaifanya kama dua ya kukariri. Mimi napenda kuwaonesha kwanza jambo moja kwa kalamu na karatasi, kwa sababu linatufikisha kwenye 3600 bila kukata pingili elfu. Badala ya kuchukua umbali wa katikati ya pingili na kuuzidisha wenyewe kwa wenyewe, chukua umbali wa mwanzo wa pingili uzidishe kwa umbali wa mwisho wake. Pingili ya kwanza inaanzia mita 0.1 na kuishia 0.2, kwa hiyo chini ya mstari tunaandika 0.1 × 0.2. Juu ya mstari ni k mara nanokulombi 5, yaani 45. Pingili zote nne zinakuwa hivi:

```
45 / (0.1 × 0.2) = 2250
45 / (0.2 × 0.3) =  750
45 / (0.3 × 0.4) =  375
45 / (0.4 × 0.5) =  225
           jumla = 3600
```

Imetua palepale kwa pingili nne tu. Siku ile baraza lilinyamaza, mmoja akasema nimechagua namba za kunifaa. Nikamwambia akate pingili tatu zisizolingana, popote apendapo. Akakata kwenye sentimita 17 na 38, akahangaika na kikokotoo, ikatoka 3600 tena.

Siri iko kwenye hesabu ya sehemu. Tuite chaji iliyo katika kila mita ya ufito λ, kwa ufito wetu nanokulombi 50 kwa mita. Pingili inayoanzia umbali p na kuishia umbali q ina urefu wa q − p, kwa hiyo chaji yake ni λ(q − p). Uga wake kwa njia yetu ni huu:

```
kλ(q − p) / (p·q) = kλ(1/p − 1/q)
```

Upande wa kulia ndio wenye utamu. Pingili ya kwanza inatoa kλ mara (1/0.1 − 1/0.2). Ya pili inatoa kλ mara (1/0.2 − 1/0.3). Ukizijumlisha, ile 1/0.2 iliyotolewa na ya kwanza inarudishwa na ya pili, zinafutana. Hivyo hivyo kwa 1/0.3 na 1/0.4. Kila mpaka wa ndani unafutika, inabaki mipaka miwili ya nje: mwanzo wa ufito na mwisho wake. Ndiyo maana haikujali mwenzetu amekata wapi.

Lakini mwanafunzi makini atauliza: nani katuruhusu kuandika p × q? Ruhusa inatoka hapa. Chaji yote ya pingili ingekaa ncha ya karibu, tungegawa kwa mraba wa p, na uga ungezidi kiasi. Yote ingekaa ncha ya mbali, tungegawa kwa mraba wa q, na uga ungepungua kiasi. Uga wa kweli upo kati ya hizo mbili, na p × q nayo ipo kati ya mraba wa p na mraba wa q. Vyote viwili vimebanwa ndani ya pengo moja. Ukikata pingili nyembamba, pengo linafungwa. Kwa ufito wetu, ukijumlisha mapengo yote unapata kλ mara unene wa pingili mara tofauti ya 1/0.1² na 1/0.5², ambayo ni 96. Kwa kuwa kλ ni 450, pingili zenye unene wa milimita moja zinaacha pengo la kama 43 kwa jumla, na za sehemu moja ya kumi ya milimita zinaacha 4. Hakuna pa kujificha isipokuwa 3600.

Sasa alama ya intigresheni haitishi tena, kwa sababu inasema hayohayo kwa kifupi. Weka nukta yetu iwe sifuri, na x iwe umbali kutoka hapo hadi kwenye kipande chembamba chenye unene dx. Chaji yake ni λ dx, uga wake ni kλ dx/x². Ufito unaanzia umbali a na kuishia a + L:

```
E = ∫ kλ dx/x²,  kutoka x = a hadi x = a + L
  = kλ [ −1/x ]
  = kλ ( 1/a − 1/(a + L) )
  = kQ / ( a(a + L) )
```

Ile −1/x ambayo vitabu vinaiweka kwenye jedwali ndiyo mipaka yetu inayofutana. Na mstari wa mwisho una jambo zuri: ni fomula ya Coulomb ileile, ila badala ya mraba wa umbali mmoja kuna umbali wa ncha ya karibu mara umbali wa ncha ya mbali. Kwetu ni 0.1 × 0.5. Ukitaka kujua ingebidi chaji yote uiweke wapi ili kupata jibu sahihi, tafuta kipeuo cha pili cha 0.05. Ni kama sentimita 22, wala si 30. Kijana alikuwa sahihi kwamba kuna mahali pamoja pa kuiweka chaji yote. Pako karibu nasi kuliko alivyodhani, na panahama kila ukihama wewe.

Panahamaje? Simama mita 4 mbele ya ncha. Fomula inatoa 180 ÷ (4 × 4.4), yaani 10.23. Njia ya katikati inatoa 10.20. Umbali huo hata mtahini mkali hawezi kukudai, ufito umeshakuwa kama nukta. Rudi hadi sentimita 1 mbele ya ncha. Fomula inatoa karibu 43,900, njia ya katikati inatoa karibu 4,080, zaidi ya mara kumi pungufu. Kwa hiyo katikati si kosa kila mahali, ni makadirio yanayofaa pale tu urefu wa ufito ni mdogo sana ukilinganisha na umbali uliosimama. Swali lolote likikupa umbali na urefu vinavyokaribiana, njia ya katikati iache.

Kuna jingine watu hawalitegemei. Ongeza urefu wa ufito mara mbili, uwe sentimita 80, kila mita ikiwa na chaji ileile, wewe ubaki sentimita 10 mbele ya ncha. Chaji imeongezeka maradufu, ila uga umetoka 3600 hadi 4000 tu. Na hata ungekuwa na ufito wa kutoka Wete hadi Unguja usingevuka 4500, kwa sababu 1/(a + L) inakwisha kuwa sifuri na inabaki kλ/a. Rudi kwenye pingili zetu nne uone: ya kwanza peke yake inatoa 2250 kati ya 3600, zaidi ya nusu. Za nyuma zinasindikiza.

Makosa ninayokutana nayo kwenye madaftari ni machache, na yote yanajianika ukijua pa kutazama. La kwanza ni kuweka sifuri kwenye ncha ya ufito halafu kuandika x² chini ya mstari. Ukianzia kwenye ncha, umbali hadi nukta ni a + x, na mipaka ni 0 hadi L. Aliyechanganya atakutana na kugawa kwa sifuri alipofika mpaka wa chini, na badala ya kustuka wengine huufuta kimyakimya. Sifuri iwe popote upendapo, ila mipaka na umbali vitoke mahali pamoja.

La pili ni kutoa x nje ya intigresheni kana kwamba haibadiliki. Ukifanya hivyo umerudi kwenye chaji ya nukta moja, na kwenye jibu lako itabaki x isiyo na mwenyewe. Jibu halitakiwi kuwa na x, umbali unaobaki humo uwe a na L tu.

La tatu ni kupata logi. Mtu anaona x chini ya mstari, mraba wake haangalii, mkono unaandika ln. Jibu linakuwa kλ ln((a + L)/a), kwa namba zetu kama 724. Angalia vizio kabla ya kusonga: k mara λ ni niutoni-mita kwa kulombi, na logi haina kizio, kwa hiyo hicho ulichopata si niutoni kwa kulombi. Ni volti. Umetafuta potenshali ya umeme, ambayo hupungua kwa umbali wenyewe na si kwa mraba wake. Volti 724 ni jibu sahihi la swali usiloulizwa.

Fomula nayo ina mwisho wake. Ukiifanya a iwe sifuri, yaani ukagusa ncha, inasema uga hauna kikomo. Ufito halisi una unene, na ukiwa karibu na ncha kuliko nusu ya unene wake, kuuchora kama mstari hakufai tena. Pia ufito lazima uwe wa kitu kisichopitisha umeme. Ukichukua nondo au bomba la shaba, chaji zinasukumana na kukimbilia kwenye ncha, basi λ haiwi sawa kila mahali na huwezi kuitoa nje ya intigresheni.

Hata plastiki ina masharti yake, hasa kwetu. Siku moja nilileta kipande cha bomba la maji la plastiki, tukakisugua kwa kitambaa cha pamba ili kivute vipande vya karatasi. Plastiki ya namna ile hupata chaji hasi, kwa hiyo uga unaelekea kwenye bomba badala ya kulikimbia. Ukubwa unatafutwa vilevile, mshale tu ndio unageuka. Ilikuwa masika, hewa imejaa unyevu, na karatasi hazikushtuka hata kidogo. Unyevu hutanda juu ya plastiki kama ngozi nyembamba na chaji ikapotelea humo. Tulilianika bomba juani, tukalifuta kwa kitambaa kikavu, tukalisugua upya, ndipo karatasi zikaruka.

Kisha nikawauliza swali ambalo vitabu haviulizi. Mkono unaoshika bomba huondoa chaji pale uliposhika. Tuseme unafunika sentimita 10, na kwingine kila mita ina chaji yake ileile. Ukishika ncha ya mbali, umepoteza pingili ya nne, uga unashuka kutoka 3600 hadi 3375. Ukishika ncha ya karibu, ufito wenye chaji unaanzia sentimita 20 na umepoteza ile pingili ya 2250. Yule kijana wa jibu la 2000 ndiye aliyewahi safari hii, akiwa bado hajainua kalamu: "Inabaki 1350, Maalim." Kisha akaligeuza bomba mkononi, akalishika kwa nyuma.